Lita 15 kila miezi mitatu: hesabu ya injini isiyowaka

Jirani yangu hapa Bamburi alinijia na uso wa msiba. Gari lake, Mitsubishi Outlander ya haibridi ya kuchomeka, lilikuwa limeanza kuwasha injini ya petroli kila akitoka nyumbani, hata betri ikiwa imejaa pomoni. Fundi wa kwanza aliyemwendea alimwambia betri kubwa imekufa, akamtajia bei ya kununulia gari jingine dogo. Mzee hakuwa amelala siku mbili.

Niliketi kwenye usukani nikawasha. Kwenye skrini kulikuwa na sentensi ndefu ya Kijapani, kama ilivyo kwa magari yetu mengi yanayoshuka Kilindini yakiwa bado hayajabadilishiwa lugha. Mimi Kijapani sijui, lakini herufi mbili nilikuwa nimezikariri kwa sababu ziliwahi kunisumbua na mimi: 給油. Maana yake ni kujaza mafuta. Nikamuuliza, "Mzee, mara ya mwisho kupita sheli ni lini?" Akacheka kwa fahari. "Mimi? Huu mwezi wa nne sijapita. Gari langu linakula tokeni."

Hapo ndipo ugonjwa ulipokuwa. Betri yake ilikuwa nzima kabisa.

Outlander hii ilianza kuuzwa Japani mwaka 2013. Ina betri ya kilowati-saa 12, mota mbili za umeme, injini ya petroli ya lita 2.0 na tangi la lita 45. Kitabu chake kina sharti moja ambalo wanunuzi wengi wa huku hawalisomi kwa kuwa nacho ni cha Kijapani: kila miezi mitatu uweke angalau lita 15 za petroli. Usipoweka, kompyuta ya gari huanza kuwasha injini yenyewe, upende usipende, ili petroli ya zamani iungue na sehemu za ndani zipate kuzunguka. Wahandisi wa Mitsubishi walijua kuna watu watakaosafiri kwa umeme kutwa kucha na kusahau kwamba chini ya kiti cha nyuma kuna petroli inayozeeka.

Mzee alipoelewa, alikimbilia sheli. Pampu ilikata kwenye lita 7. Tangi lilikuwa limejaa. Gari likaendelea kuunguruma vilevile, naye akarudi kwangu akiwa na hasira zaidi ya mwanzo.

Tuipige hesabu yake taratibu. Kabla ya kwenda sheli tangi lilikuwa na lita 38, kwa hiyo nafasi iliyobaki ilikuwa ya lita 7 peke yake. Ili ziingie lita 15, ilibidi kwanza achome lita 8. Gari hili likiendeshwa kwa petroli barabara kuu hula kama lita 7.5 kwa kilomita 100, kwa hiyo lita 8 ni mwendo wa kilomita 107. Alipojaza zile lita 7 alijiongezea deni: sasa tangi lina lita 45 kamili, na ili ipatikane nafasi ya lita 15 inambidi aende kilomita 200. Akaamua kumtembelea dadake Malindi, kilomita 120 kwenda na 120 kurudi. Akachoma lita 18, akabaki na 27, akapita sheli akaweka 15. Ile sentensi ya Kijapani ikapotea, na kesho yake gari likatoka getini kimya kama zamani.

Kisa hiki ndicho kilichonifanya niandike, kwa sababu kinapingana na tabia yetu ya miaka. Dereva wa huku akipata pesa hujaza tangi, na kijana wa sheli huuliza "tele?" kabla hujazima gari. Kwa haibridi ya kuchomeka inayokaa mjini, tangi lililojaa tele ni mzigo. Kilo 33 za petroli unazibeba kila siku bure, na kibaya zaidi, umejinyima nafasi ya kuweka petroli mpya. Gari hili linataka lita mpya ziingie kwa tarehe yake, na hazitaingia mahali palipojaa.

Kuna hesabu moja fupi ambayo ningependa kila mwenye gari la aina hii aiweke kichwani. Gawanya lita zilizomo tangini kwa lita unazochoma kwa mwezi. Jibu ni umri wa wastani wa petroli yako, kwa miezi. Tangi lenye lita 20 na mtu achomaye lita 5 kwa mwezi, petroli ina wastani wa miezi minne. Mtu huyohuyo akikaa na tangi linalopanda na kushuka kati ya lita 30 na 45, wastani wa tangi ni lita 37.5, na petroli yake ina umri wa miezi saba na nusu, ingawa amefuata sharti la lita 15 bila kukosa hata mara moja. Akiliacha lishuke mpaka 10 ndipo aweke 15, tangi litacheza kati ya 10 na 25, wastani 17.5, na umri utakuwa miezi mitatu na nusu. Pesa aliyotoa sheli ni ileile. Kilichobadilika ni kiasi alichokiacha kilale chini.

Mzee wangu baada ya Malindi alibaki na lita 42. Kwa mwendo wake wa mjini asingeshuka hadi 10 hata kwa mwaka, kwa sababu kila miezi mitatu angechoma 15 na kuweka 15. Nilimshauri asubiri safari ya Nairobi mwezi wa Desemba. Kilomita 480 kwa petroli ni lita 36. Akafika na lita 6, taa ya mafuta ikiwaka, akaanza upya na tangi dogo. Huo ndio upungufu wa sharti la kiwanda: linahakikisha kitu kipya kinaingia, haliangalii cha zamani ni kingapi.

Watengenezaji wengine wamelipigia hesabu jambo hilihili kwa njia nyingine. Toyota kwenye Prius ya kuchomeka wanataka jumla ya lita 20 zijazwe ndani ya miezi 12, wala hawataki kujua umeziweka mara ngapi. Ni sharti jepesi zaidi: lita 20 kwa mwaka ni kama lita 1.7 kwa mwezi. Lakini mtu akilitimiza hilo peke yake huku akiwa na tangi la lita 43 limejaa, petroli yake itafikisha umri wa zaidi ya miaka miwili. Chevrolet Volt ya Marekani, iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2010, ilikwenda mbali zaidi: kompyuta yake hukadiria umri wa wastani wa petroli iliyomo, na ukipita mwaka mmoja huichoma yenyewe. Aidha kila baada ya kama wiki sita bila injini kuwaka, huomba kuiwasha kwa dakika chache ili oili izunguke. Mwaka mmoja, basi, ndio mpaka ambao wahandisi wenyewe hawapendi uvukwe, na hayo ni magari yaliyosanifiwa na watu wa nchi za baridi.

Petroli huzeeka kwa njia mbili. Ya kwanza ni kukimbiwa na sehemu zake nyepesi. Petroli ni mchanganyiko wa mamia ya kemikali, na zile nyepesi zaidi, kama butani na pentani, ndizo zinazowaka kwanza injini ikiwa baridi. Zikiruka hewani, kinachobaki kinaungua lakini kwa uzito, na injini huzunguka mara nyingi kabla haijashika. Magari mengi ya kuchomeka hupunguza hasara hii kwa kulifunga tangi lote likae na shinikizo. Ndiyo sababu ukibonyeza kitufe cha mfuniko, husubiri sekunde kadhaa kabla haujafunguka, likitoa pumzi kwanza. Wanafanya hivyo kwa kuwa kile kikopo cha mkaa kinachonasa mvuke wa petroli husafishwa injini inapowaka, na injini isiyowaka haiwezi kusafisha kitu.

Njia ya pili haizuiliki kwa mfuniko. Baadhi ya kemikali za petroli hushikana na oksijeni polepole na kugeuka utomvu. Viwango vya mafuta huruhusu utomvu usiozidi miligramu 5 kwa kila mililita 100, kiasi kisichoonekana kwa macho, kwa sababu matundu ya nozeli ni membamba mno na hayahitaji uchafu mwingi kuziba. Kemia ya namna hii, kwa kanuni ya makadirio, huenda kasi maradufu kila joto likipanda nyuzi 10. Wastani wa mwaka wa Tokyo ni kama nyuzi 16, na wa Mombasa ni 26 au 27. Kwa kipimo hicho petroli iliyolala tangini hapa Pwani inazeeka kama mara mbili ya ile ya Tokyo, na kitabu kiliandikwa kwa ajili ya mtu wa Tokyo. Mimi nimejiwekea mpaka wa miezi sita, na sioni sababu ya kumshauri mtu wa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam auvuke.

Fundi mmoja wa Kisauni aliwahi kunionyesha chupa mbili za soda juu ya benchi lake. Moja aliijaza petroli ya siku ile, ilikuwa angavu na harufu yake ilikupiga puani papo hapo. Ya pili aliitoa kwenye gari lililokaa zaidi ya mwaka. Ilikuwa rangi ya chai ya mkandaa iliyozimuliwa, na ilinuka kama kopo la vanishi. Akadondosha tone moja la kila chupa kwenye kioo na kuyaacha juani. Tone jipya liliondoka bila kuacha kitu. La zamani liliacha duara la manjano ambalo ukiligusa linanata kidoleni. "Hiyo," akasema, "sasa ifikirie iko kwenye nozeli nne."

Gari lenye ugonjwa huu huonekana mapema kwa anayejua kutazama. Injini ikiwashwa na kompyuta hutikisika sekunde chache kabla ya kutulia, kisha mlio wake unapanda na kushuka ingawa hukukanyaga kitu. Mashine ya kusomea gari huleta `P0171`, yaani mchanganyiko una petroli pungufu, au `P0300`, yaani silinda zinakosa kuwaka bila mpangilio. Ukizipata namba hizo kwenye haibridi inayotembea kwa umeme, uliza umri wa petroli kwanza kabla hujakubali kununua plagi na koili mpya. Kama haijaharibika sana, kuchoma tangi mpaka chini na kuweka lita 15 mpya mara mbili hutosha mara nyingi. Kama tayari inanuka vanishi, usiichome. Itolewe, na kazi hiyo ifanywe na fundi anayejua kukata umeme wa volti kubwa kwanza, kwa maana chini ya gari hili nyaya za rangi ya chungwa zina volti 300 na ushei.

Petroli hiyo ni nusu ya habari. Nusu nyingine iko chini ya injini, ndani ya oili, na hii ndiyo watu hawaamini nikiwaambia.

Kila lita ya petroli ikiungua hutoa kama gramu 900 za maji. Haidrojeni iliyomo kwenye petroli hushikana na oksijeni, na kinachozaliwa ni maji, karibu lita nzima kwa lita ya petroli. Mengi hutokea ekzosi kama mvuke, na ndiyo matone unayoyaona asubuhi kwenye bomba. Lakini sehemu ndogo hupenya kando ya ringi za pistoni na kushuka kwenye oili, ikifuatana na petroli ambayo haikuungua. Injini ikiwa ya moto, mvuke huo hunyonywa na kurudishwa kuungua, oili inabaki safi. Injini ikiwa baridi, mvuke hugeuka maji na kubaki hapo, na petroli nayo inabaki. Oili inahitaji kupita nyuzi 80 au zaidi ili ijikaushe, na ikumbukwe kwamba maji ya rejeta hupata moto upesi kuliko oili. Sindano ya joto ikishafika katikati kwa dakika tano, oili bado ina safari. Inahitaji dakika 15 hadi 20 za kazi ya kweli.

Sasa linganisha madereva wawili wanaochoma lita zilezile. Wa kwanza hukanyaga sana kuwapita matatu pale Nyali, injini inashtuka, inawaka dakika mbili, inazima. Anafanya hivyo mara kumi na tano kwa mwezi. Injini yake imewaka nusu saa kwa jumla, lakini haijawahi kupata moto hata siku moja, na kila mara imeongeza maji na petroli kidogo kwenye oili. Wa pili anaendesha kwa upole, injini haimwakii mjini kabisa, ila siku moja kwa mwezi anaiwasha makusudi kwa nusu saa mfululizo akiwa barabara kuu. Wote wamewasha injini nusu saa. Wa kwanza amechafua oili, wa pili ameisafisha.

Nchi za baridi shida hii ina sura nyingine, kwa sababu hita ya gari huita injini karibu kila asubuhi. Huku kwetu eyakondisheni ya Outlander huendeshwa kwa umeme, haihitaji injini hata kidogo, kwa hiyo mtu mpole anaweza kumaliza robo mwaka bila kuisikia. Faida yetu ni kwamba ikiwaka, hupata moto upesi kuliko kule theluji iliko.

Namna ya kupima ni rahisi na haina gharama. Egesha pahali tambarare, injini iwe imelala, chomoa kijiti cha oili, kifute, kirudishe, kichomoe tena, uandike kiwango na tarehe kwenye daftari. Injini inayofanya kazi kidogo hivi haipaswi kupandisha oili hata nukta moja. Kama kiwango kimepanda, kuna kitu kimeingia. Injini hii huchukua lita 4 na kitu za oili, na kati ya alama ya chini na ya juu ya kijiti kuna kama lita 1. Watu wa maabara za oili hutilia shaka petroli ikipita asilimia 2, na ikifika 5 huhesabu oili hiyo imekwisha. Asilimia 5 ya lita 4.3 ni mililita 215, chini ya soda moja ya kawaida, nayo kwenye kijiti itakuwa imepanda kama sehemu moja ya tano ya pengo. Ni kidogo kwa jicho la mtu asiyeandika, na ndiyo sababu nasisitiza daftari. Nusa kijiti pia, petroli haijifichi. Kisha fungua mfuniko wa kujazia oili uutazame kwa ndani. Ukikuta utando mzito wa rangi ya maziwa, hayo ni maji yaliyopigwapigwa na oili. Utando mwembamba unaotoweka baada ya safari ndefu usikutie hofu. Ukirudi tena, au maji ya rejeta yakipungua, mwone fundi, maana hapo huenda gasketi ya silinda ndiyo inayovuja.

Mafundi wetu wengi wakisikia oili imekuwa nyepesi hupendekeza nzito, ile 20W-50 ya matatu. Wanamaanisha vizuri, lakini wanatibu sipo. Injini ya gari hili huamshwa na jenereta na kupewa mzigo karibu palepale, ikiwa baridi, baada ya wiki nzima ya kulala huku oili yote ikiwa imeteremka chini. Inahitaji oili inayofika juu upesi, na kiwanda kilichagua 0W-20. Ukiweka nzito, petroli na maji yataendelea kuingia vilevile, na juu ya hayo utakuwa umechelewesha ulainisho katika sekunde zile mbaya zaidi.

Basi tuifanye hesabu ya mwaka mzima, kwa mtu wa Bamburi anayefanya kazi mjini. Kilomita 24 kwa siku, siku 300, ni kilomita 7,200. Petroli nimeichukua kwa Sh180 lita na umeme Sh28 uniti, ili hesabu iwe nyepesi. Wewe badilisha kwa bei ya mwezi wako. Kwa petroli kilomita moja ni Sh13.50. Kwa umeme gari hula kama uniti 23 kwa kilomita 100 ukipima kwenye soketi, yaani Sh6.44 kwa kilomita.

Sharti la lita 15 kila miezi mitatu ni lita 60 kwa mwaka, Sh10,800. Lita hizo ni kilomita 800, au kilomita 67 kwa mwezi, sawa na kutoka mjini hadi Kilifi na kuzunguka kidogo ukifika. Kama kilomita hizo 800 ungeziendesha kwa umeme ungetumia kama Sh5,150. Kwa hiyo kuilinda petroli isizeeke kumekugharimu ile tofauti tu, Sh5,650 kwa mwaka. Wale wanaolalamika kwamba gari limewalazimisha kununua petroli ya elfu kumi husahau kuondoa umeme ambao hawakuutumia.

Oili ina hesabu yenye kuuma zaidi. Lita 4 na nusu za 0W-20 halisi, filta na kazi ya fundi, weka Sh8,000. Injini imeenda kilomita 800, ambazo ukichukua mwendo wa kilomita 65 kwa saa ni saa 12 tu kwa mwaka mzima. Mwaka una saa 8,760. Unamwaga oili iliyofanya kazi saa 12. Namwelewa kabisa anayesema ngoja ifike kilomita 10,000 za injini. Kwa mwendo huo angebadilisha baada ya miaka 12 na nusu. Lakini kilichoimaliza oili hii ni zile saa 8,748 za kukaa na unyevu na tindikali, huku viungo vyake vya kupambana na tindikali vikiisha polepole. Mimi nabadilisha kila mwaka kwa tarehe, sitazami mita ya kilomita. Kama wewe ndiye yule dereva wa kwanza, wa dakika mbilimbili, fanya kila miezi sita, au badilisha mguu wako, ambao ni wa bure.

Jumla ya matunzo, Sh5,650 na Sh8,000, ni Sh13,650 kwa mwaka. Upande wa pili wa daftari, kilomita 6,400 zilizobaki ulizoziendesha kwa umeme zimekuokolea kama Sh7.06 kila moja, yaani karibu Sh45,000. Matunzo yanakula chini ya theluthi ya hiyo, na ile elfu nane ya oili ungeitoa hata ukiwa na gari la petroli tupu.

Safari ya mwezi nayo ina ufundi wake. Usitoke na betri iliyojaa ukitegemea injini itawaka, kwa sababu gari litachagua umeme. Toka betri ikiwa nusu, ukishapita Mtwapa na njia ikafunguka bonyeza kitufe kilichoandikwa `CHARGE`. Injini itashika na kuendelea mfululizo, ikisukuma gari na kuchaji betri kwa pamoja, hadi betri ifike kama asilimia 80. Kitufe cha `SAVE` kinalinda betri iliyopo, lakini injini itakuwa ikiwaka na kuzima, na oili haipati joto la kudumu. Na usifanye zoezi hili gari likiwa limesimama uani. Litachaji, ndiyo, kwa kama dakika 40 na lita 3 za petroli, lakini unakuwa umechoma mafuta bila kwenda popote, na majirani watakuja kuuliza kwa nini gari la umeme linanguruma.

Jambo la mwisho ni kutozoea kushuka chini ya lita 10. Pampu ya petroli imezama ndani ya tangi na hupozwa na petroli hiyohiyo, na siku betri itakapoisha ukiwa Mariakani usiku, lita 5 ni kilomita 67 tu.

Kwenye daftari langu mwezi huu pameandikwa hivi: oili imebadilishwa Machi, kijiti hakijapanda, tangi lina lita 17, na nafasi ya kuweka 15 ipo.